DAP ya elfu hamsini na mbili

Fuso lilisimama mbele ya ghala letu la kahawa Alhamisi jioni, wiki ya pili ya Novemba, wakati mvua za kwanza zimeshalowesha udongo wa Mbozi lakini kila mtu bado anaangalia mawingu kabla ya kutia mbegu. Kijana aliyeshuka alikuwa na adabu. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, akamwita mweka hazina wetu "mama yangu", ndipo akafungua turubai. Ilikuwa mifuko ya kilo 50 ya DAP, mbolea ya kupandia, mipya, imepangwa vizuri. Bei yake 52,000 kwa mfuko.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo mimi na mweka hazina tulikuwa Mlowo, kwenye duka la pembejeo, na DAP tuliambiwa 90,000. Kikundi chetu kilikuwa kinanunulia ekari 40 za mahindi, mfuko mmoja wa kupandia kwa kila ekari. Yaani dukani tungelipa 3,600,000, na kwenye fuso 2,080,000. Tofauti ni 1,520,000, na pesa hiyo kwa kikundi chetu si ya kupuuza hata kidogo. Mwenyekiti alishaanza kutafuta vijana wa kushusha.

Kilichotusimamisha ni karatasi iliyokuwa mfukoni mwangu. Haikuwa imeandikwa kwa ajili ya fuso. Ilikuwa hesabu ya mbolea ya kukuzia, na ilitokana na ubishi wa wiki mbili nyuma.

Ubishi ulikuwa huu. Wanachama kadhaa walitaka tununue SA kwa sababu ndiyo mbolea ya bei nafuu dukani: mfuko 48,000, wakati CAN ni 62,000 na urea 75,000. Ukiangalia mifuko kwa macho, hoja yao haina kasoro. Lakini mahindi hayali mfuko. Kwenye kukuzia yanatafuta naitrojeni, na kiasi cha naitrojeni kimeandikwa kwenye mfuko wenyewe kwa asilimia. Urea ni 46, CAN hizi za kwetu ni 26, SA ni 21. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, wa CAN una kilo 13, wa SA kilo 10 na nusu. Zinazobaki ni vitu vingine vilivyoshikamana na hiyo naitrojeni, na baadhi yake vina faida, nitavirudia.

Hesabu ni kugawa bei ya mfuko kwa kilo za kirutubisho zilizomo:

```
bei ya kilo moja ya kirutubisho = bei ya mfuko ÷ (uzito wa mfuko × asilimia ÷ 100)

urea:  75,000 ÷ 23    = 3,261
SA:    48,000 ÷ 10.5  = 4,571
CAN:   62,000 ÷ 13    = 4,769
```

Mfuko wa bei ya chini kuliko yote ulikuwa unatuuzia naitrojeni kwa bei ya juu kuliko urea kwa shilingi 1,310 kila kilo. Kwa kuwa tulipanga kilo 23 kwa ekari, urea ingetugharimu 75,000 kwa ekari, na SA kama 105,000, kwa sababu mfuko mmoja wa SA haufiki hata nusu ya kazi ya mfuko mmoja wa urea. Hapo bado hujalipia bodaboda ya kubeba mifuko miwili badala ya mmoja.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba kubwa la kahawa hakuridhika, na alikuwa na haki. Alisema urea ukiitupa juu ya udongo wakati jua linawaka, naitrojeni inageuka hewa na kuondoka. Ni kweli. Urea ikilowa kidogo bila kufukiwa, inageuka amonia na sehemu yake hupotea. SA kwenye udongo wenye tindikali kama wetu haipotei kwa njia hiyo. Basi tukaingiza na hoja yake kwenye hesabu: urea ipoteze kiasi gani ndipo iwe ghali sawa na SA? Gawa 3,261 kwa 4,571, unapata karibu 0.71. Yaani ukipoteza kama sehemu tatu kati ya kumi za urea kwa uzembe, faida yote imekwisha. Ukichimba kashimo kando ya shina na kufukia, au ukiweka mvua ya kutosha ikiwa karibu, hupotezi kiasi hicho. Tukakubaliana urea, na kila mwanachama afukie. Anayejijua kwamba hatafukia, SA kwake si ujinga. Pia SA ina salfa, kilo 12 kwa mfuko, na kwenye shamba lenye upungufu wa salfa hiyo ni pesa halali. Ila kwa kila kilo ya naitrojeni, SA huongeza tindikali ya udongo kuliko urea, na udongo wetu una tindikali ya kutosha.

Sasa tulikuwa na kitu ambacho wengi hawana wanaposimama mbele ya muuzaji: tulijua kilo ya naitrojeni ina bei gani pale kwetu, msimu ule. Kwako bei zitakuwa nyingine, lakini njia ni hiyo hiyo.

DAP ina ugumu kidogo kwa sababu inabeba virutubisho viwili. Namba zake ni 18-46-0: naitrojeni 18, fosfeti 46, potashi hamna. Katika kilo 50 kuna kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. (Fosfeti hapa ni ile inayoandikwa P2O5. Baadhi ya vijitabu hutaja fosforasi yenyewe, P, ambayo kwenye DAP ni kama asilimia 20. Usichanganye hizo mbili, utadhani umeibiwa kumbe ni maandishi tu.) Njia rahisi ya kuipima ni kulipa naitrojeni kwanza kwa bei ya urea, kisha kuona kilichobaki kinanunua fosfeti kwa shilingi ngapi.

```
DAP ya duka, 90,000:
  naitrojeni   9 × 3,261          = 29,349
  fosfeti      (90,000 − 29,349) ÷ 23 = 2,637 kwa kilo

DAP ya fuso, 52,000:
  naitrojeni   9 × 3,261          = 29,349
  fosfeti      (52,000 − 29,349) ÷ 23 = 985 kwa kilo
```

Duka lile lile lilikuwa na TSP, ambayo ina fosfeti asilimia 46 bila naitrojeni, kwa 78,000. Hiyo ni 3,391 kwa kilo ya fosfeti. Kwa hiyo fosfeti kwa bei ya 2,600 hadi 3,400 ndiyo ilikuwa hali ya soko letu. Kijana wa fuso alikuwa anatupa kwa 985.

Wafanyabiashara hushindana, wala sisemi kila bei nzuri ni wizi. Lakini ushindani una mahali unapotoka. Muuzaji asiye na duka anaokoa kodi ya pango na mshahara wa msaidizi, labda elfu chache kwa mfuko. Mbolea yenyewe imetoka nje kwa meli, imeshushwa bandarini Dar es Salaam, imepanda barabara ya TANZAM kilomita zaidi ya 800 mpaka kufika huku. Gharama hizo hazimsamehe mtu kwa kuwa ana adabu. Punguzo la 38,000 kwenye mfuko wa 90,000 haliwezi kutoka kwenye faida ya duka, kwa sababu faida ya namna hiyo haipo. Lazima limetoka ndani ya mfuko, au mfuko haukulipiwa.

Mweka hazina ndiye aliyeuliza, kwa upole kabisa: "Mwanangu, mbona ni rahisi hivi?"

"Ni ya ruzuku, mama yangu. Ilibaki."

Jibu hilo lilikuwa zuri kuliko alivyodhani yeye mwenyewe, kwa maana ruzuku kweli inavunja hesabu yote niliyoandika hapo juu. Tanzania ilipoanza mpango wa ruzuku ya mbolea Agosti 2022, DAP ilishuka kutoka zaidi ya 130,000 hadi 70,000 kwa mfuko, karibu nusu, na ilikuwa mbolea halisi. Bei ya chini peke yake isingemtia mtu hatiani. Lakini mbolea ya ruzuku ina njia yake. Mkulima anasajiliwa, anapata namba, anakwenda kwa wakala aliyesajiliwa, namba yake inaingizwa kwenye mfumo, ndipo anauziwa. Wengi wetu mwaka ule wa fuso tulichelewa kuhuisha taarifa zetu, ndiyo maana tulikuwa Mlowo tunaulizia bei ya kawaida. Huyu kijana hakuuliza namba ya mtu. Kwa hiyo kama mbolea yake ilikuwa ya ruzuku, ilikuwa imechepushwa, na sisi tungekuwa tunanunua mali ya wizi. Kama haikuwa ya ruzuku, alikuwa anadanganya. Hakukuwa na jibu la tatu.

Mwenyekiti hakupenda nilivyosema hivyo mbele ya mgeni. Akataka ushahidi wa mbolea yenyewe, si maneno ya karatasi. Na kijana, bila kuombwa, akajitolea kutuonyesha.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulijua. Alichukua konzi ya punje, akaziweka kwenye kopo na majivu ya jikoni, akatia maji kidogo, akafunika, akatikisa, kisha akampa mwenyekiti anuse. Harufu ya amonia ilitoka. "Mbolea feki haitoi hii," akasema. Na kwa kweli kipimo chenyewe si cha uongo. Mbolea zenye amonia ndani yake, kama DAP, SA na CAN, zikikutana na majivu au chokaa na unyevu, hutoa harufu ile kali ya choo cha kuku. Udongo uliofinyangwa hautoi. Lakini kipimo kinaonyesha kwamba ipo. Hakionyeshi ipo kiasi gani. Pua haitofautishi asilimia 18 na asilimia 4. Anayechakachua kwa akili haweki udongo mtupu, anaacha mbolea halisi kidogo ndani yake iwe shahidi wake.

Tulichofanya sisi ni kulinganisha. Ghalani kulikuwa na nusu mfuko wa DAP iliyobaki msimu uliopita, tuliyoinunua kwa risiti na kupandia tukaona matokeo. Tukaomba chokaa ya kupakia ukuta, kwa sababu ina nguvu kuliko majivu, tukachukua vikopo viwili vinavyofanana, kijiko kimoja cha kila mbolea, kijiko kimoja cha chokaa, maji kifuniko kimoja. Kopo la mbolea yetu mwenyekiti alilifungua akarudisha kichwa nyuma, machozi yakamlenga. Kopo la kijana lilinuka, lakini ungeweza kuongea ukiwa umeliinamia. Ungepewa moja peke yake ungesema sawa.

Kisha maji. Glasi mbili, kijiko kimoja cha punje kila moja, tukakoroga kwa dakika chache tukaziacha. DAP huyeyuka sana kwenye maji, ingawa haiachi maji safi: hubaki ukungu na mashapo kidogo chini, na rangi ya kahawia au kijivu inayotegemea ilikotengenezwa. Rangi ya DAP haina maana kabisa, iwe nyeusi, ya kahawia au ya manjano, maana viwanda vingine huipaka. Punje zetu zilikwisha. Za kijana zilivua rangi ya kahawia upesi, ndani zikabaki vipande vyeupe vyeupe, vilaini, ukivibonyeza kwa kidole vinakuwa tope. Baada ya nusu saa chini ya glasi yake kulikuwa na tope la unene wa kidole.

Na mizani. Tuna mizani ya kahawa, imekaguliwa, na hatuidharau kwa sababu ndiyo inayotulisha. Mfuko wa kwanza ulisoma kilo 47. Wa pili 47 na nusu. Mfuko wa mbolea unaweza kupungua gramu kadhaa njiani, lakini si kilo tatu, na kilichonishangaza si upungufu wenyewe. Mifuko ilikuwa imejaa kama kawaida. Mtu anayepunja kwa kuchota hukuachia mfuko uliolegea juu. Hii ilikuwa imejaa mpaka kwenye mshono na bado ni nyepesi, maana yake kilichomo ndani chenyewe ni chepesi kuliko DAP.

Baada ya hapo ndipo tulipouangalia mshono wenyewe, jambo tulilopaswa kulianza. Uzi ulikuwa wa mashine na umenyooka, lakini pembeni yake, nusu sentimita chini, kulikuwa na mstari wa matundu matupu ya sindano. Mfuko ulikuwa umeshonwa mara mbili. Maandishi yote yalikuwa sahihi, jina, 18-46-0, uzito, nchi ilikotoka, kwa sababu mfuko ulikuwa halali. Ulikuwa mfuko wa mtu mwingine uliotumika, ukajazwa tena. Huo ndio udhaifu wa kuangalia maandishi peke yake, na ndiyo sababu siku hizi sisi tunakata mifuko yetu mitupu kwa kisu kabla ya kuitupa au kuigawa. Mifuko mitupu ya mbolea ambayo haijakatwa inanunuliwa, na anayeinunua hafugii kuku.

Kijana alisema ana mzigo mwingine wa kupeleka Tunduma. Akafunga turubai, akaondoka. Hatukumshika, na sijutii, kwani hatukuwa na madaraka hayo wala uhakika wa mahakamani. Tulichukua namba za gari na picha ya mfuko, tukampigia afisa ugani wa kata, naye akapeleka taarifa mbele, kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, ambayo kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 ndiyo yenye kazi ya kusajili mbolea na wauzaji wake na kukagua.

Mambo yangeishia hapo kama dada mmoja, mwanachama wetu, asingesimama Jumamosi kwenye kikao na kusema yeye alishanunua. Fuso lilipita kitongoji chao kabla ya kufika kwetu. Mifuko mitatu, 156,000. Mmoja alikuwa amemaliza kupandia ekari moja.

Tukachukua sampuli kwenye ile miwili iliyobaki. Watu wengi hukosea hapa, huchota konzi juu ya mfuko na kuipeleka maabara. Punje ndogo na nzito huzama chini mfuko unapotikiswa barabarani, kwa hiyo ya juu si sawa na ya chini, hasa kwenye mchanganyiko. Sisi tulitumia bambo, lile la kuchomea magunia ya kahawa, tukalisafisha na kulikausha, tukachoma kila mfuko kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe mara kadhaa. Tukamwaga kwenye karatasi ya nailoni, tukachanganya, tukagawa mafungu manne, tukachukua mawili yanayoelekeana, tukarudia mpaka ikabaki kama nusu kilo. Robo kwenda maabara, robo kubaki kwetu, zote kwenye nailoni iliyofungwa isiingie unyevu, zimeandikwa tarehe na jina la aliyezichukua, na afisa ugani akishuhudia. Gharama ya kupima tulilipa kama kikundi. Kwa mfuko mmoja haileti maana kupima. Kwa arobaini inaleta.

Majibu yalikuja wakati mahindi yanafika magotini, na hilo ni jambo la kulitambua mapema: maabara haikusaidii kuamua leo ununue au usinunue. Naitrojeni ilikuwa asilimia 4. Fosfeti 9.

Tukairudisha kwenye karatasi ile ile. Kilo 47, naitrojeni asilimia 4, ni kilo 1.88. Fosfeti asilimia 9, ni kilo 4.23. Kwa bei za duka:

```
1.88 × 3,261 =  6,131
4.23 × 2,637 = 11,155
jumla          17,286
```

Mfuko wa elfu kumi na saba uliuzwa elfu hamsini na mbili. Ule "wa bei nafuu" ulikuwa umemuuzia yule dada virutubisho kwa bei ya mara tatu ya duka la Mlowo. Ukitaka kupata mbolea ileile iliyomo kwenye mfuko mmoja halisi, fosfeti peke yake ingekuhitaji ununue mifuko mitano na zaidi ya ile ya fuso.

Nimeulizwa mara nyingi tangu wakati ule kama basi dawa ni kuogopa bei ya chini. Hapana, na kuna sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba mchakachuaji mwenye hesabu nzuri hauzi 52,000. Angekuja na 82,000, angesema ana punguzo la jumla, na karatasi yangu isingepiga kelele. Mizani na glasi ya maji vingebaki, bei isingesema kitu. Kenya waliliona hilo kwa upande mwingine mwaka 2024. Mifuko iliyouzwa kama mbolea ya ruzuku kupitia maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, ikatiliwa shaka na wakulima na waandishi wa habari, Shirika la Viwango likathibitisha kuwa haikufikia kiwango, na ikaripotiwa kuwa ndani kulikuwa na unga wa daiatomaiti, jiwe jepesi jeupe linalochimbwa Bonde la Ufa. Bei ya ruzuku ya mfuko wa kilo 50 ilikuwa shilingi 2,500 za Kenya, na kila mkulima alijua kwamba bei hiyo ni ya chini kwa sababu serikali inalipia. Mahali pa kununulia palikuwa rasmi na bei ilikuwa rasmi. Alama zote mbili ambazo mkulima huzitegemea zilikuwa upande wa mbolea mbovu. Serikali ikaahidi kuwafidia wakulima, lakini msimu wa kupanda haungoji fidia.

Ya pili ni kinyume chake: watu hukataa mbolea nzuri kwa macho. Mwezi Februari, tukigawa urea, wanachama wanne waliikataa kwa sababu ilikuwa imeshikana mabonge, wakasema imechakachuliwa. Urea inavuta unyevu, ikilaliwa na mifuko mingine ghalani inakuwa jiwe. Utafiti uliofanywa Morogoro ulipima urea ya madukani ukakuta nyingi ina naitrojeni yake kamili, huku wakulima wakiamini imechezewa, wakihukumu kwa mabonge na rangi. Mabonge ni kero ya kuvunja, na muombe muuzaji apunguze bei, lakini naitrojeni imo. Tuliitia kijiko kwenye glasi mbele yao. Urea halisi huyeyuka yote bila kuacha mashapo, na glasi inakuwa baridi mkononi kama imetoka kwenye friji. Chumvi nayo huyeyuka yote, lakini haipozi maji hivyo. Ukiweka punje za urea kwenye kifuniko cha chuma juu ya moto, zinayeyuka kama mafuta ya mgando kisha zinatoa harufu ya amonia, na chumvi haiyeyuki kwenye moto wa jikoni, inarukaruka tu. Ndiyo maana kuchakachua urea ni kazi ngumu kuliko DAP au NPK, ambazo punje zake zina rangi ya udongo tangu mwanzo na kuacha mashapo ni kawaida yake.

Hesabu ya kilo ya kirutubisho nayo ina mahali inapopotosha, nisije nikaonekana naiuza kama dawa ya kila kitu. Inadhani kwamba kirutubisho kilichoandikwa kinafika kwenye mzizi msimu huu. Fosfeti ya mwamba wa Minjingu ikisagwa tu bila kutengenezwa zaidi ina asilimia kubwa kwenye karatasi, na ukiigawa utaona ni rahisi mno kuliko DAP. Si feki. Lakini haiyeyuki kwenye maji, inahitaji tindikali ya udongo kuifungua polepole, kwa hiyo kwenye shamba lenye tindikali inafaa na kwenye shamba la chokaa italala tu. Upande mwingine kuna chupa za mbolea ya majani. Tuliletewa moja ya lita, 20-20-20, kwa 15,000, tukaambiwa ni sawa na mfuko. Lita moja ya namna hiyo ina gramu 200 za kila kirutubisho. Kwa bei za duka, hata ukihesabu potashi sawa na fosfeti, ni mali ya kama 1,700. Inaweza kusaidia mmea uliokosa zinki au boroni kama imetiwa hizo. Haiwezi kuwa mfuko, hata muuzaji aape.

Na yule dada. Ekari yake ilianza vizuri, kwa kuwa mahindi huanza na akiba ya mbegu. Wiki ya tatu majani ya chini yakawa na rangi ya zambarau pembeni na mimea ikadumaa, wakati shamba la jirani yake, mbegu moja na tarehe moja ya kupanda, lilikuwa la kijani kibichi. Zambarau peke yake si ushahidi, maana huku kwetu wiki ya baridi na mvua nyingi huifanya hata kwenye shamba lenye mbolea, kisha jua likitoka inapotea. Yake haikupotea. Tulimshauri asisubiri majibu ya maabara. Fosfeti haisafiri kwenye udongo, ukiitupa juu mzizi hauifikii, kwa hiyo alichimba kando ya kila shina, sentimita kama tano, akafukia DAP ya duka, nusu mfuko kwa ekari ile, na urea akaiwahisha badala ya kungoja mahindi yafike magotini. Yalinyanyuka, ila hayakulingana na ya jirani, kwa sababu wiki tatu za mwanzo za fosfeti hazirudi.

Mifuko miwili iliyobaki aliileta ghalani. Tuliimwaga kwenye shimo la mboji, mifuko yenyewe tukaikata kwa kisu, na mmoja nimeutundika ukutani juu ya mizani, upande wa mshono wenye matundu ukitazama nje, ili anayekuja kupima kahawa auone.